Kitabu kinasema "rudisha sindano", tumerudisha, bado inaruka

Swali: Shikamoo fundi. Kikundi chetu tumepata cherehani ya umeme ya mezani, ile ya zigizaga ya nyumbani, bobini inaingilia mbele. Kitabu chake ni Kiingereza kitupu kwa hiyo nikakaa nikakitafsiri mwenyewe ili wenzangu wasome. Kwenye matatizo nimeandika: "Mishono ikiruka, rudisha sindano." "Inua mguu kabla ya kupitisha uzi." "Uzi wa bobini ukionekana upande wa kulia, mvutano wa juu umezidi, punguza." Tunafuata yote lakini inaruka, hasa tukishona tisheti, na chini ya kitambaa panajaa matanzi ya uzi. Skrubu ya keisi ya bobini tumeshaikaza mara tatu na inazidi kuharibika. Ni mashine au ni tafsiri yangu?

Jibu:

Marahaba dada. Mashine yenu naamini ni nzima, ila hiyo skrubu ya bobini naomba msiiguse tena mpaka umalize kusoma hapa. Na Kiingereza chako sio kibovu, shida ni kwamba vitabu hivi vimeandikwa kwa lugha ya mafundi na hizo sentensi tatu ulizoniandikia kila moja ina neno moja lililokugeuka, na ajabu ni kwamba kila neno limezaa ugonjwa wake kwenye mashine. Nikizifuata moja moja tutakuwa tumetibu mashine na kitabu kwa pamoja.

Tuanze na hiyo "rudisha sindano". Kwenye Kiingereza hapo imeandikwa riplesi, na riplesi inaweza kuwa kurudisha kitu mahali pake, ni kweli, lakini kwenye orodha ya matatizo ya cherehani maana yake ni moja tu: toa hiyo sindano, tupa, weka mpya. Sasa nyie mmekuwa mnaitoa sindano ile ile, mnaitazama, mnairudisha, na mashine inaendelea kuruka kwa raha zake. Ukikuta mashine inaruka, kabla hujafungua skrubu yoyote badilisha sindano, mimi nikiletewa kumi zinazoruka nyingi kati yake huwa zinapona hapo hapo na mwenye mashine anaona kama nimemlia hela yake.

Kwa nini sindano? Angalia mshono unavyotokea. Sindano inashuka na uzi mpaka chini kabisa, kisha inaanza kupanda, na ikishapanda kama milimita 2 hivi ule uzi ulio mgongoni mwa sindano unabanwa na kitambaa hauwezi kupanda nayo, kwa hiyo unavimba unatengeneza kitanzi kidogo sana pembeni ya tundu. Sekunde hiyo hiyo ncha ya shato, kale kachuma kenye mdomo kama wa ndege huko chini, inapita karibu mno na sindano, pengo lake ni jembamba kuliko karatasi, inakichukua hicho kitanzi inakizungusha kwenye bobini na hapo mshono umefungwa. Ikifika ikakuta hakuna kitanzi, au kitanzi kipo lakini kimekaa mbali, inapita mikono mitupu na mshono huo unakuwa umerukwa. Hivyo ndivyo ilivyo, mashine haina akili ya kuruka, ni kitanzi tu hakikushikwa. Kila unachokisikia kuhusu kuruka, sindano butu, sindano iliyopinda, sindano iliyowekwa kinyume, kitambaa kinachovutika, vyote vinarudi kwenye kitanzi hicho.

Sindano ya mashine zetu za nyumbani ina shingo yenye upande mmoja bapa. Kwenye mashine kama yenu bapa linatazama nyuma, na uzi unatungwa kutoka mbele kwenda nyuma. Alafu unaisukuma juu mpaka igote kabisa ndipo ukaze skrubu yake, maana ikibaki chini hata milimita moja tundu linakuwa limeshuka na shato inapita mahali ambapo kitanzi hakipo. Mtu akiwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga asinakili kwangu hilo la "nyuma", zile bapa linatazama pembeni na upande wenyewe unategemea mashine. Kwa hizo kuna njia isiyodanganya: papasa sindano kwa ukucha, upande mmoja una mfereji mrefu kutoka shingoni mpaka kwenye tundu na upande wa pili una kijibonde kifupi juu tu ya tundu. Mfereji mrefu unakaa upande uzi unakoingilia, kijibonde kinakaa upande shato inakopita. Ukishika hilo hata mashine ambayo kitabu chake kimepotea hutaikosea.

Kununua nako kuna mtego. Pakiti iwe imeandikwa 130/705 H, au HAx1, au 15x1, hizo ni majina tofauti ya sindano moja ya mashine za nyumbani. Usipewe DBx1, hiyo ni ya mashine za kiwandani, shingo yake ni ya duara na ni nyembamba. Mimi nilipokuwa najifunza kazi niliifunga DBx1 kwenye mashine ya nyumbani kwa sababu ilikuwa imebaki mezani, ikakaa, ikakaza, ikashona kama sentimita 10 vizuri kabisa alafu ikaanza kuruka, nikashinda mchana mzima nafungua vitu visivyohusika mpaka mwalimu wangu alipokuja akaangalia sindano akacheka. Zile namba mbili za saizi, mfano 90/14, ni kitu kimoja kwa hesabu mbili, ile 90 maana yake unene wa milimita 0.90. Kitenge na pamba ya kawaida 80/12 au 90/14 inatosha, jinzi nenda 100/16.

Tisheti sasa ni habari nyingine kidogo. Kitambaa cha kufuma kama cha tisheti na jezi kinavutika, sindano ikipanda kinapanda nayo kidogo kama ngozi inavyonyanyuka ukivuta plasta, kwa hiyo uzi haubanwi na kitanzi hakivimbi. Ndio maana mnaona mashine hiyo hiyo kwenye kitenge inajitahidi na kwenye tisheti inaruka. Dawa ni sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni badala ya kuzitoboa, na kwenye pakiti utaiona baada ya 705 H kuna SUK kwa jezi za kawaida au S kwa strechi zinazovutika sana. Chukua 75/11 kwa tisheti nyepesi, 90/14 kwa nzito. Na msishone tisheti kwa mshono ulionyooka kabisa, wekeni zigizaga nyembamba, upana 0.5 mpaka 1 na urefu 2.5 au 3, la sivyo hata msiporuka uzi utakatika siku mtoto akiivaa akaivuta shingoni. Ikiwa bado inanyanyuka, weka karatasi nyepesi chini ya kitambaa ushone nayo pamoja, kisha unaichana.

Sindano haihitaji kuonekana mbovu ndio iwe mbovu. Ilaze shingo yake bapa juu ya kipande cha kioo, utazame nafasi iliyo kati ya kioo na mwili wa sindano mpaka kwenye ncha, iwe sawa sawa, ikianza kuwa nyembamba au pana kuelekea nchani hiyo imepinda. Butu utaisikia kwa sikio, inapiga kitambaa tok tok badala ya kupita kimya. Wengi tunabadilisha kila baada ya saa 8 hivi za kushona, na kwa kikundi mnaopokezana mashine kutwa hiyo inaweza kuwa kila siku.

Twende kwenye matanzi ya chini, na hapa ndio tafsiri yako imenichekesha kwa mapenzi mema kabisa. "Inua mguu kabla ya kupitisha uzi." Mguu gani? Naomba nikisie: kila mwanakikundi anatoa mguu wake kwenye pedali kisha anatunga uzi, sivyo? Mguu unaosemwa pale ni ule wa cherehani, ule wa chuma unaokandamiza kitambaa, unaoinuliwa kwa wenzo wa nyuma. Kitabu kinasisitiza hilo kwa sababu uzi wa juu unapita katikati ya sahani mbili ndogo zilizo nyuma ya ile tensheni ya namba, ule mvutano ulioandika wewe, na sahani hizo zinafunguka mguu wa cherehani ukiwa juu, zinabana ukiwa chini. Ukitunga uzi mguu uko chini, uzi unapita juu juu ya sahani zilizofumba, hauingii. Unashona bila tensheni yoyote ya juu, namba iwe 2 iwe 9 ni mapambo tu.

Uzi wa juu usio na breki unamwagika, bobini inauvuta chini unavyotaka, na unajikusanya huko chini kuwa matanzi. Hapo watu wengi wanadanganyika, wanaona uchafu uko chini wanasema bobini ndio mbovu. Kumbe hayo matanzi ni uzi wa juu. Ukitaka kuhakikisha weka uzi mwekundu juu na wa bluu kwenye bobini, shona kipande, geuza, utakuta matanzi ni mekundu.

Ukishatunga upya mguu ukiwa juu, jaribu hivi kabla ya kushona: mguu ukiwa bado juu vuta uzi karibu na sindano, unapaswa kuteleza bila shida. Shusha mguu uvute tena, sasa unapaswa kugoma mpaka sindano inapinda kidogo. Ukiona hakuna tofauti kati ya juu na chini, uzi hauko ndani ya sahani, au kuna kipande cha uzi wa zamani kimenasa katikati yake, pitisha kipande cha kitambaa laini kati ya sahani mguu ukiwa juu utashangaa kinachotoka. Alafu angalia pia ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya mashine, uzi uwe umepita kwenye tundu lake kweli. Ukitoka pale hutapata matanzi tu, utapata kiota kizima kimekaba sindano kwa mishono mitatu.

Na hiyo skrubu ya bobini mliyoikaza, samahani lakini hilo ndilo limefanya izidi. Mshono ni kama kamba inayovutwa na watu wawili, wa juu na wa chini, fundo linatakiwa likae katikati ya vitambaa viwili lisionekane. Mtu wa juu alikuwa hana nguvu kabisa, nyie mkaenda kumuongezea nguvu wa chini. Kila mkikaza, fundo linavutwa chini zaidi.

Najua mmefikaje huko, ni ile sentensi ya tatu. Raiti saidi ya kitambaa sio upande wa kulia, ni uso wa kitambaa, upande wa nje unaoonekana nguo ikivaliwa, na kinyume chake ni upande wa ndani. Sasa wenzako wakisoma "uzi wa bobini ukionekana upande wa kulia" wakaangalia mkono wa kulia wa mshono hawaoni kitu, kwa hiyo dalili hiyo inapita bila kutumika na kila mtu anabuni lake. Sentensi yenyewe ilivyokusudiwa ni hivi: ukiona uzi wa chini umechomoza juu, kwenye uso wa kitambaa, basi uzi wa juu umekazwa mno, punguza namba. Na kinyume chake, uzi wa juu ukichomoza upande wa ndani, uzi wa juu umelegea, ongeza namba, mradi una uhakika umetungwa vizuri.

Kwa hiyo kazi yenu sasa. Toeni keisi ya bobini, itoe bobini, futa vumbi lote la nyuzi hata lile lililo chini ya kile kibati cha chuma kinachobana uzi, pitisha kona ya karatasi ngumu chini yake. Kwenye keisi kuna skrubu mbili, ndogo ya mwishoni inashikilia kibati tu, iacheni, ile kubwa kidogo ya katikati ndiyo tensheni. Weka alama ya kalamu kwenye skrubu na kwenye keisi ili ujue ulipoanzia, na fanyieni kazi juu ya sahani au kitambaa cheupe, hiyo skrubu ikianguka sakafuni mmekwisha. Rudisha bobini, pitisha uzi kwenye mkato wake mpaka utokee chini ya kibati, kisha ning'iniza keisi kwa uzi wake juu ya kiganja cha mkono mwingine. Ikae ikining'inia haishuki. Tikisa mkono kidogo kama unamwaga maji, ishuke sentimita 3 mpaka 5 isimame. Yenu kwa jinsi mlivyoikaza nadhani haitashuka hata ukitikisa mara kumi, basi legeza skrubu moja ya nane ya mzunguko, yani kama mshale mrefu wa saa kurudi nyuma dakika 7 hivi, ujaribu tena, legeza, jaribu. Ikianza kuteremka yenyewe bila kutikiswa umepitiliza, kaza kidogo. Ukishaipata hapo iache, na mwanakikundi yeyote akiileta bisibisi mezani mwambie arudi na swali kwanza.

Sasa shona kipande cha majaribio, pamba ya kawaida mikunjo miwili, sindano mpya 90/14, uzi mwekundu juu na wa bluu chini ila uwe unene mmoja na aina moja, mshono ulionyooka urefu 2.5, tensheni kwenye 4. Uzi wa bei nafuu wenye vinundu usiutumie kwa jaribio, utakudanganya. Shona kama sentimita 15, angalia pande zote mbili. Ukiona vidoti vya bluu juu punguza nusu namba, ukiona vidoti vyekundu chini ongeza nusu namba, shona tena pembeni yake na uandike namba kwa kalamu kwenye kitambaa. Mashine nyingi zinatulia kati ya 3 na 5. Ikikulazimu kufika 8 au 9 ndio ipendeze, usifurahi, rudi ukaangalie utungaji na keisi, kuna kitu bado.

Macho yakikushinda kuna jaribio la mkono. Kata kitambaa mshazari, shona mstari kufuata mshazari huo, shika ncha mbili uvute kwa nguvu mpaka uzi ukatike. Nyuzi zote mbili zikikatika pamoja mko sawa. Ukikatika mwekundu peke yake, juu kumebana. Ukikatika wa bluu peke yake, chini kumebana. Mimi hili nalipenda kwa sababu hata bibi asiyeona vizuri anaweza kulifanya.

Mkishapata namba ya pamba ndio mhamie kwenye tisheti na ile sindano ya ncha ya mviringo, na tensheni mnaweza kuhitaji kuishusha nusu namba. Vitambaa tofauti vinataka namba tofauti, hilo ni la kawaida, hatugusi bobini, tunacheza na juu tu.

Ikiwa baada ya yote haya, sindano mpya sahihi imegota juu, uzi umetungwa vizuri, kwenye pamba kabisa, na bado inaruka, hapo sasa nakubali ni mashine. Chomoa waya wa umeme, toa lile bati la chini ya sindano, zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako, sindano ifike chini kabisa kisha ipande zile milimita 2. Chungulia ncha ya shato iko wapi. Inatakiwa iwe nyuma ya sindano hapo hapo, juu kidogo ya tundu. Ikiwa imeshapita mbali au bado haijafika, mpangilio wa shato na sindano umehama, mara nyingi ni baada ya sindano kuvunjikia ndani au kushona mikunjo minene ya jinzi kwa kulazimisha. Hiyo pelekeni kwa fundi, msifungue skrubu za huko ndani, kuirudisha bila kuzoea ni kazi ya siku nzima na lawama. Kama shato iko mahali pake lakini uzi unatoka umechanika chanika kama pamba, papasa ncha yake kwa ukucha, ukikwama kuna mkwaruzo, fundi anausugua unaisha.

Kitabu chako sasa. Ningeandika hivi: "Mishono ikiruka, tupa sindano iliyopo, weka mpya, upande bapa nyuma, isukume mpaka igote." "Kabla ya kutunga uzi wa juu, inua mguu wa cherehani kwa wenzo wa nyuma." "Uzi wa bobini ukichomoza kwenye uso wa kitambaa, punguza namba ya tensheni ya juu." Na hilo neno mvutano mimi ningeliacha, mafundi wote wanasema tensheni na wenzako wakienda dukani au kwa fundi ndilo watakalosikia. Vile vipande vya majaribio vilivyoandikwa namba vibandike pembeni ya sentensi hiyo ya tatu, kimoja kizuri, kimoja kilichobana juu, kimoja kilicholegea.

Kisha mwite mwenzako ambaye hajawahi kugusa hiyo mashine, akae, wewe msomee sentensi moja moja usimuelekeze, tazama mikono yake. Na miguu pia. Akiinua wake kwenye pedali, andika upya. Alafu kama kule mwanzoni kwenye mchoro wa vifaa umeandika "mbwa wa kulisha", na wengi wanaandika hivyo, hayo ni meno tu dada, yale yanayosukuma kitambaa.